Picha za stoku na ikoni zisizogombana: kazi ya kipeperushi kimoja cha Dunga, hatua kwa hatua

"Kijana wangu, hii mashua si yetu. Na huyu samaki simjui."

Maneno hayo niliambiwa na mzee mmoja wa kikundi cha mashua pale ufuo wa Dunga, Kisumu, akiwa ameshika kipeperushi nilichokuwa nimekesha nikikitengeneza. Alikuwa na haki. Juu nilikuwa nimeweka ngalawa ya pwani, yenye mirengu pande zote mbili, ikielea kwenye maji ya samawati kama ya Diani. Chini yake palikuwa na kipande cha samoni na ndimu juu ya sahani nyeupe. Ziwa Victoria halina samoni, wala mashua za Dunga hazina mirengu. Picha zote mbili zilikuwa za stoku, yaani zilizopigwa na watu wengine na kuwekwa mtandaoni ili zitumiwe kwa leseni. Zilikuwa nzuri na leseni ilikuwa halali, lakini hazikufaa.

Tangu siku hiyo nimefundisha vijana kadhaa kazi hii, na maswali yao huwa yaleyale: picha nitoe wapi, mbona zangu hazionekani kama za kazi moja, nikate wapi, na hii ya Google nikiitumia nitashikwa? Nitajibu kwa kutumia kazi ileile ya Dunga: kipeperushi cha A5 na ukurasa mmoja wa wavuti, kwa kikundi kinachotembeza wageni ziwani na kuwauzia samaki wakirudi.

Kabla ya kuanza, uwe na vitu hivi

- Programu ya kukata picha. GIMP ni ya bure na hufanya kazi bila mtandao. Photopea hufunguka ndani ya kivinjari, kwa hiyo inafaa ukiwa kwenye saiba.
- Folda mbili: `asili` ya picha kama ulivyozipakua, na `tayari` ya zile ulizokata. Usikate kamwe faili iliyo ndani ya `asili`.
- Jedwali lenye safu tano: jina la faili, kiungo cha ukurasa ulikoitoa, jina la mpiga picha, aina ya leseni, na tarehe ya kupakua. Daftari la kawaida pia linatosha.
- Mtu mmoja anayeijua biashara yenyewe, wa kukutazamia picha kabla hazijaenda kwa mchapaji. Mimi sikuwa naye mara ya kwanza.

1. Andika nafasi za picha, ndipo utafute

Wengi huanza kwa kutafuta picha, wakipenda moja wanaipakua, kisha wanahangaika kuipachika. Anza upande wa pili. Kazi ya Dunga ilikuwa na nafasi tano: picha kubwa ya juu, picha tatu ndogo (mashua, mvuvi, sahani ya samaki), na moja ya mandhari ya jioni.

Kila nafasi iandikie umbo na ukubwa. Kwenye wavuti picha ya juu ilikuwa 16:9, yaani pikseli 1600 kwa 900, na zile ndogo 4:3, yaani 800 kwa 600. Kwenye karatasi hesabu ni nyingine. A5 ina upana wa milimita 148. Ukiongeza milimita 3 kila upande, zitakazokatwa na mashine ya mchapaji, unapata 154. Kwa uchapishaji wa nukta 300 kwa inchi, hizo ni kama pikseli 1820 kwa upana. Picha yenye upana wa pikseli 600 itatoka ikiwa na ukungu hata ikionekana safi kwenye simu.

2. Chagua picha mama

Hii ndiyo siri ya picha zinazopatana, na haihitaji macho ya msanii. Chagua picha moja, ile kubwa ya juu, na uifanye kipimo cha nyingine zote. Mimi huiita picha mama. Ya Dunga ilikuwa mashua ya mbao iliyovutwa ufuoni asubuhi, maji ya kijani-kahawia nyuma yake, mawingu mepesi, na mwanga laini usio na vivuli vikali.

Iangalie picha mama na ujibu maswali manne kwa maandishi. Mwanga wake ni mkali au laini, na unatoka upande gani? Rangi zake zimeelekea manjano au bluu? Mpiga picha alisimama karibu au mbali? Nyuma ya kitu kikuu kuna vurugu au kumetulia? Majibu yangu yalikuwa: laini kutoka kushoto, rangi ya ubaridi kidogo, umbali wa kati, nyuma kumetulia. Picha yoyote inayopishana na majibu hayo mara mbili niliiacha, hata kama ilikuwa tamu namna gani. Ikipishana mara moja tu, kwa mfano rangi, unaweza kurekebisha. Mwelekeo wa mwanga huwezi kuurekebisha.

3. Tafuta nyingine ukiifuata mama

Tovuti tatu za bure zinazotumika sana ni Unsplash, Pexels na Pixabay. Ukipata picha inayolingana na mama, bonyeza jina la mpiga picha uone nyingine zake kabla ya kurudi kwenye utafutaji. Mara nyingi alipiga picha ishirini siku ileile, mahali palepale, kwa kamera ileile. Picha tatu kutoka kwa mpiga picha mmoja hupatana bila wewe kufanya lolote, kuliko picha tatu nzuri za watu watatu.

Kuhusu maneno ya kutafutia: ukiandika `african fisherman` utaletewa Ghana, Senegali na Zanzibar vikichanganywa. Andika `Lake Victoria`, `Kisumu`, `tilapia`, `Nile perch`. Hata hivyo soma maelezo ya mahali chini ya picha, maana Ziwa Victoria lina nchi tatu na mashua za Uganda si lazima zifanane na za Dunga. Wikimedia Commons ina picha za Kisumu zenye majina ya mahali hasa, nami huanza huko nikitaka jengo au ufuo unaotambulika.

Usipopata, piga mwenyewe. Sahani ya samaki ya kipeperushi kile niliipiga kwa simu karibu na dirisha asubuhi, ngege mzima wa kukaanga na ugali, kwa sababu mteja anayeonyeshwa samaki wa stoku kisha akaletewa mwingine ana haki ya kulalamika. Picha ya stoku ibebe mandhari. Bidhaa yenyewe iwe ya kweli.

4. Soma leseni kabla ya kupakua

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia.

Leseni za Unsplash na Pexels zinaruhusu matumizi ya kibiashara bila malipo na bila lazima ya kutaja mpiga picha. Haziruhusu kuuza picha yenyewe jinsi ilivyo. Pexels pia inakataza kuonyesha kana kwamba mtu aliye kwenye picha anaisifu bidhaa yako. Kwa hiyo usichukue mama anayetabasamu, ukaandika chini yake "Mteja wetu wa Nyalenda asema...". Huyo si mteja wako.

Ndani ya tovuti za bure mna mitego. Unsplash huchanganya picha za kulipia za Unsplash+ kwenye matokeo, na Pixabay huweka safu ya picha za matangazo kutoka iStock. Zinafanana na jirani zake, lakini ukizifungua unadaiwa pesa au unaona maandishi hafifu yamepita juu yake. Tazama beji na lebo kabla ya kubonyeza.

Wikimedia Commons inatumia leseni tofauti kwa kila picha. Ukikuta CC BY-SA 4.0, mojawapo ya leseni za Creative Commons, unaweza kuitumia kibiashara, lakini lazima utaje mpiga picha na leseni, useme kama umeibadilisha, na picha uliyoibadilisha ibaki chini ya leseni hiyohiyo. Kwenye kipeperushi, mstari mdogo ukingoni unatosha: "Picha: (jina), CC BY-SA 4.0, Wikimedia Commons, imekatwa". Ukiona herufi NC ndani ya jina la leseni, iache. Inakataza biashara, na kipeperushi cha mashua ni biashara. Picha iliyoandikwa `Editorial use only` nayo ni ya habari tu, si ya tangazo.

Google si hifadhi ya picha, ni kioo kinachoonyesha picha za wenyewe. Ukilazimika kuanzia huko, bonyeza `Tools`, kisha `Usage rights`, uchague `Creative Commons licenses`, halafu ufungue ukurasa wa asili na usome leseni huko. Kichujio hicho hakikupi ruhusa, kinakuelekeza tu. Pinterest ni vivyo hivyo, na mara nyingi ni vibaya zaidi, kwa kuwa aliyeibandika si aliyeipiga.

Jambo la mwisho hapa linahusu watu. Leseni ni ruhusa ya mpiga picha. Aliyepigwa ana haki zake pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ukiwapiga mwenyewe wavuvi wa Dunga, wape karatasi watie sahihi. Watoto wanaochezea ufuoni waache nje ya fremu.

5. Ijue picha ya wizi hata isipokuwa na alama

Alama ya maji ni yale maandishi hafifu yanayopita juu ya picha. Maana yake ni kwamba umeshika sampuli, si picha. Usiifute kwa brashi, na usikate kona yenye jina ukadhani umeponea. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda hata taarifa za mwenye haki zilizowekwa ndani ya kazi, kwa hiyo kuziondoa ni kosa juu ya kosa.

Mteja akikutumia picha "safi", tazama kwanza jina la faili. Majina kama haya yanasema yalikotoka:

```
istockphoto-1234567890-612x612.jpg
gettyimages-1234567890-612x612.jpg
shutterstock_123456789.jpg
```

Mawili ya kwanza ni majina ya sampuli, na upana wa 612 ndio unaozifichua. La tatu linaweza kuwa picha iliyonunuliwa, basi muulize mteja risiti. Kisha kama una ExifTool, soma yaliyofichwa ndani:

```
exiftool -Copyright -Creator -Credit -Source picha.jpg
```

Kwenye Windows unaweza pia kubofya kulia, `Properties`, kisha `Details`. Pakiwa patupu, usifurahi haraka, kwa kuwa WhatsApp na Facebook hufuta nyingi ya taarifa hizo. Kwa hiyo ipeleke TinEye, tovuti inayokuonyesha kurasa nyingine zenye picha hiyo, na upange matokeo kwa `Oldest`. Ukurasa wa zamani kabisa mara nyingi ndio ulio karibu na mwenyewe. Ukikuta huko picha ileile ikiuzwa, kazi yako imeisha: inunue au itupe.

Picha iliyopita mtihani iandike kwenye jedwali papo hapo, na upige picha ya skrini ya ukurasa wa leseni. Leseni hubadilika. Picha za Unsplash zilikuwa CC0, yaani mpiga picha aliachia haki zake zote, hadi 2017; Pixabay ilibadilisha yake 2019. Atakayekuuliza baada ya miaka mitatu atataka kujua siku uliyopakua leseni ilisemaje.

6. Kata

Kwenye GIMP chukua zana ya kukata (`Shift+C`), weka tiki kwenye `Fixed`, chagua `Aspect ratio`, andika `16:9`. Sasa fremu haiwezi kupinda umbo.

Picha mama yangu ilikuwa pikseli 6000 kwa 4000. Kuifanya 16:9 ni kubaki na 6000 kwa 3375, yaani 625 zinatoka kwa urefu. Zitoke wapi? Anga lilikuwa tupu, mchanga ulikuwa na nyavu, na nyavu zinasimulia kazi. Nilitoa karibu zote juu. Anayeanza kazi hii angekata nusu juu na nusu chini kwa kuwa ndivyo programu inavyompa, na nyavu zingekatika katikati. Kabla ya kukata nilinyoosha mstari wa maji pia. Ziwa lililoinama hata kidogo linamsumbua mtazamaji bila yeye kujua kwa nini.

Kwa watu, kuna makosa mawili ninayoyaona kila mara. La kwanza ni kukata kwenye kiungo: kifundo cha mkono, goti, kiwiko. Mvuvi anaonekana amekatwa mkono. Kata katikati ya paja au chini kidogo ya bega, kamwe si kwenye kiungo. La pili ni kumziba anakoangalia. Mvuvi akitazama kulia, nafasi zaidi ibaki kulia. Na kama una watu kwenye picha ndogo tatu zilizopangwa safu moja, vichwa vyao viwe na ukubwa unaokaribiana na macho yawe kwenye mstari mmoja. Jambo hilo dogo peke yake hufanya picha za watu tofauti zionekane za familia moja.

Kwa samaki kanuni yangu ni fupi: kata kwa kukusudia au usikate. Mkia unaogusa ukingo kwa nukta mbili unaonekana ajali. Ama umwache mzima na nafasi kumzunguka, ama usogee karibu hadi iwe wazi kwamba ulitaka ngozi iliyokaangwa tu. Huku kwetu, ukimkata samaki kichwa kwenye picha, kuna mzee atakayeuliza kichwa kimeliwa na nani.

Kumbuka simu. Picha ya 16:9 kwenye kompyuta huweza kukatwa tena kuwa ya wima kwenye simu, na mashua iliyo kulia ikapotea. Kiambie kivinjari pa kushikilia:

```css
@media (max-width: 600px) {
.picha-mama {
  width: 100%;
  aspect-ratio: 4 / 5;
  object-fit: cover;
  object-position: 75% 50%;
}
}
```

Ile `75%` inasema shikilia upande wa kulia. Ibadilishe huku ukitazama kwenye simu halisi.

7. Linganisha rangi, kidogo

Ziweke zote tano pamoja zikiwa ndogo, kisha uzitazame ukiwa umesimama hatua tatu nyuma. Inayoruka ndiyo mgonjwa. Yangu ilikuwa sahani ya samaki, iliyokuwa ya manjano kuliko nyingine. Kwenye GIMP nilienda `Colors`, kisha `Color Temperature`, nikaipoza kidogo. Nilikoma ugali ulipoonekana mweupe, kwa kuwa ukizidi unageuka bluu na hakuna atakayeutamani. Usipake kichujio kizito juu ya zote ili kuficha tofauti. Ngozi za watu ndizo hulipa gharama.

8. Ikoni: seti moja, basi

Nilihitaji sita: simu, mahali, saa, mashua, samaki, malipo. Kosa la kila mtu ni kuchukua ya simu huku, ya samaki kule. Moja ina mstari mwembamba, nyingine imejazwa rangi, ya tatu ina kivuli. Chagua seti moja yenye zote unazohitaji. Nilitumia Lucide, ambayo ni ya bure hata kwa biashara, na ina `phone`, `map-pin`, `clock`, `sailboat`, `fish` na `wallet`. Ile ya mashua ya tanga mzee hakuilalamikia. Nyingine nzuri ni Tabler na Phosphor. Flaticon ina nyingi zaidi, lakini kwa akaunti ya bure lazima umtaje mchoraji.

Pakua SVG, aina ya faili inayokuzwa bila kupata ukungu, si PNG. Ikoni za Lucide zimechorwa kwenye mraba wa 24 kwa mstari wa unene 2. Ukiikuza hadi 48 mstari nao unakuwa 4, na karibu na ikoni ndogo inaonekana imenenepa. Punguza unene:

```html
<svg width="48" height="48" viewBox="0 0 24 24"
     fill="none" stroke="currentColor" stroke-width="1">
```

Nembo za kampuni, kama ya WhatsApp au ya huduma ya malipo, si ikoni. Leseni ya seti haigusi alama ya biashara ya mtu. Tumia nembo yenyewe kwa masharti ya mwenyewe, au ikoni ya pochi na uandike jina kando yake.

Mambo yakienda mrama

*Ikoni ya PNG ina viraka vya kijivu na nyeupe nyuma.* Ulipakua picha ya "uwazi" iliyochorwa, kutoka kwenye matokeo ya utafutaji. Hakuna uwazi wowote ndani yake. Itupe, chukua SVG.

*Watu wamekuwa wanene au warefu.* Ulivuta picha ijaze nafasi. Rudi kwenye `asili`, kata kwa umbo sahihi kwanza, ndipo ubadilishe ukubwa ukiwa umefunga mnyororo ulio kati ya upana na urefu kwenye `Scale Image`.

*Ni safi kwenye skrini, ina ukungu kwenye karatasi.* Chukua upana wa picha uliohesabiwa kwa pikseli, uugawe kwa upana wake kwenye karatasi uliopimwa kwa inchi. Jibu likiwa chini ya 200, usichapishe kwa ukubwa huo. Kuiongezea pikseli kwenye programu hakurudishi kilichokosekana.

*Umepata barua pepe inayodai malipo ya picha.* Ondoa picha, lakini usiifute barua wala jedwali lako. Hakikisha kwanza kwamba anayedai ndiye mwenye haki, kisha angalia leseni uliyoipiga picha ya skrini. Kama huna leseni, zungumza nao, au tafuta wakili ikiwa kiasi ni kikubwa.

*Mteja amekuletea picha kutoka ukurasa wa mshindani wake.* Hii hutokea kila mwezi. Mwambie huwezi, na umwombe namba ya aliyezipiga. Akikubali kuuza au kutoa, apeleke ruhusa kwa maandishi, na faili aitume WhatsApp kama dokumenti, si kama picha, la sivyo utapokea kitu kilichobanwa kisichotosha hata nusu ya A5.